Safari ya Miji ya Kale Isiyochosha: Kufuata Maji Kutoka Mombasa Hadi Lamu

Swali linaloulizwa mara kwa mara na watu wanaopanga safari ya kutazama urithi wa pwani ni hili: kwa nini mtu anayependa historia kwa dhati, aliyelipa nauli na kiingilio kwa hiari yake, hujikuta kufikia siku ya tatu anapita mbele ya kabati za vioo bila kuona kitu, huku akitafuta mlango wa kutokea? Swali la pili hufuata la kwanza, nalo ni la kupanga zaidi kuliko la kueleza: safari ipangweje ili ngome, magofu na nyumba za makumbusho zisomeke kama hadithi moja inayosonga mbele, badala ya kuwa vyumba vingi vinavyofanana? Sura hii inajibu maswali yote mawili kwa kutumia mfano mmoja, yaani safari ya wiki moja kutoka Mombasa hadi Lamu, ambayo msafiri anaweza kuifanya kwa mpangilio unaotolewa hapa au kuipunguza kulingana na muda na mfuko wake.

Uchovu wa makumbusho ni nini

Uchovu wa makumbusho ni hali ya kuchoka kwa mwili na kwa akili kwa pamoja, ambayo humpata mtazamaji kwa sababu ya namna vitu vilivyopangwa na wala si kwa sababu ya uvivu wake. Mwaka 1916 Mmarekani Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa akifanya kazi katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston, alimpa mtu mmoja maswali ambayo majibu yake yangepatikana kwa kuvitazama vitu vilivyokuwa kwenye maonyesho, kisha akampiga picha kila alipokuwa akitafuta jibu. Picha hizo zilimwonyesha mtu yule akiinama, akichuchumaa, akijinyonga shingo na kusogeza uso karibu na kioo, na Gilman akaeleza kwamba sehemu kubwa ya uchovu ilitokana na kabati zilizowekwa chini mno na vitu vilivyorundikwa pamoja.

Wachunguzi waliomfuata waliongeza jambo ambalo kila mwenye kutembelea makumbusho amelionja. Katika nusu saa ya kwanza, au zaidi kidogo, mgeni husoma maelezo na kusimama mbele ya vitu, na baada ya hapo huanza kuambaa, akisimama hapa na pale tu, hata kama vitu vya chumba cha mwisho ni vizuri kuliko vya chumba cha kwanza. Kinachomchosha hapo ni marudio, kwa maana bakuli la ishirini halimwambii kitu ambacho la kwanza halikumwambia, isipokuwa pale anapokuwa na swali linalohitaji mabakuli yote ishirini ili lijibiwe.

Katika pwani ya Afrika Mashariki huongezeka sababu ya tatu, nayo ni joto. Magofu mengi hayana paa, vyumba vingi vya maonyesho vimo ndani ya majengo ya kale, na jua la saa sita mchana huwa limekwisha kuuchosha mwili kabla akili haijapata nafasi ya kuchoka. Kwa hiyo, ratiba inayomtaka mtu atembee magofu mchana ina kasoro tangu ilipoandikwa, hata kama inaonekana imejaa mambo mazuri.

Kwa ufupi, mgeni huchoshwa na mkao mbaya wa mwili, na marudio yasiyo na swali, na saa zisizofaa. La kwanza limo mikononi mwa wasimamizi wa makumbusho, bali mawili yaliyobaki yamo mikononi mwa msafiri mwenyewe.

Swali moja kwa safari nzima

Dawa ya marudio ni kuchagua swali moja kabla ya kuondoka nyumbani na kulibeba kila mahali. Swali zuri lina sifa mbili: linaweza kuulizwa katika ngome, katika gofu la msikiti na katika nyumba ya mtu tajiri vilevile, na jibu lake linaonekana kwa macho kwenye jengo lenyewe. Swali la nani alitawala lini halifai sana, kwa kuwa majibu yake yamo kwenye vibao, na kusoma vibao ndiko kunakochosha upesi.

Kwa safari ya kutoka Mombasa hadi Lamu, swali linalozaa zaidi ni hili: watu wa hapa walipata wapi maji ya kunywa, waliyaweka wapi, na ilikuwaje yalipokwisha au yalipoingia chumvi? Miji hii ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na viumbe vya baharini, mwamba ambao huyapitisha maji ya mvua upesi na kuyaacha yakielea chini ya ardhi kama tabaka jembamba juu ya maji mazito ya bahari. Kisima kikichimbwa kupita kiasi, au kikitekwa kupita kiasi, maji matamu hupungua na ya chumvi hupanda. Mji wa pwani uliweza kuwa na dhahabu, pembe za ndovu na vyombo vya Uchina, na bado ukategemea tabaka hilo jembamba.

Wapo watakaopenda maswali mengine. Fundi ujenzi anaweza kufuata boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba vya mawe katika pwani yote, na mpenda uchongaji wa mbao anaweza kufuata milango ya nakshi. Cha lazima ni kwamba swali liwe moja, kwa kuwa atakayebeba matano atarudi kwenye hali ileile ya kutazama kila kitu bila kuona kimoja.

Mombasa: nje kwanza, ndani baadaye

Alasiri ya kuwasili haifai kutumiwa ndani ya makumbusho, hata kama muda unaruhusu. Inafaa kutumiwa kwa miguu katika Mji wa Kale, jua likishapungua, kwa kufuata barabara ya Ndia Kuu, kuupita Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570, na kuishia kwenye bandari ya zamani. Karibu na hapo ngazi zinazojulikana kama za Leven hushuka hadi kwenye maji, na pana kisima kinachoitwa kwa jina la Vasco da Gama, ingawa nahodha huyo alipofika Mombasa Aprili 1498 hakupata mapokezi mema na akaendelea na safari hadi Malindi. Jina hilo lisimshughulishe sana msafiri. Linalostahili kutazamwa ni mahali kisima kilipo, hatua chache kutoka majini, kwa sababu chombo kilichotia nanga kilihitaji maji kabla ya kuhitaji bidhaa.

Ngome ya Yesu, au Foti Yesu kama wengi wanavyoiita, ni ya asubuhi ya pili, mara inapofunguliwa. Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milano, na mwaka 2011 iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wengi hupita langoni wakaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa maonyesho, na hapo ndipo nguvu zao huishia. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: kwanza kupanda juu ya kuta na kuzunguka buruji, yaani pembe za ngome zinazochomoza nje ili askari waweze kulinda uso wa ukuta kutoka pembeni, kisha kushuka uani kutazama kisima na birika kubwa la kukusanya maji ya mvua, na mwisho kabisa kuingia ndani.

Mzunguko huo wa juu huwapa maana vitu vilivyomo ndani. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira ngome hii, na kuzingirwa huko kukaendelea hadi Desemba 1698, muda wa karibu miaka mitatu. Mtu aliyekwisha kusimama ukutani, akaiona bahari upande mmoja na mji upande mwingine, kisha akalipima kwa macho birika ambalo watu waliofungiwa ndani walilitegemea, huelewa bila kuambiwa kwamba adui alihitaji subira kuliko mizinga. Baada ya hapo anaweza kuingia kwenye maonyesho na kutafuta kitu kimoja tu, yaani mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyokuja kuisaidia ngome na kuzama mbele yake mwaka 1697, ambayo wapiga mbizi waliifanyia uchimbaji wa kiakiolojia kati ya mwaka 1977 na 1980. Vitu vyake vinamweleza msafiri jinsi msaada ulivyofika karibu kabisa bila kutosha.

Ngome ina mengine mengi, kwa mfano michoro ya meli iliyochorwa ukutani na mabaharia, ukumbi wa Wamazrui, na kumbukumbu za miaka 1895 hadi 1958 ilipokuwa gereza. Msafiri anayeacha nusu ya hayo hajapoteza kitu, kwa kuwa saa moja na nusu yenye swali humwachia mengi kuliko saa nne zisizo na swali. Akitumia mwongozaji, akubaliane naye kabla ya kuanza kuhusu mambo mawili, muda na swali. Waongozaji wa pwani wana maelezo waliyoyazoea, lakini wengi wao hufurahi wanapoombwa waonyeshe visima na mabirika, na hapo ndipo hutoa yale ambayo hayamo kwenye vibao.

Jumba la Mtwana na Gede: mahali pa kusoma sakafu

Magofu huchosha kwa njia yake. Kuta zisizo na paa hufanana, na kufikia msikiti wa tatu mgeni huanza kusema kwamba yote ni mawe. Kauli hiyo ni dalili ya kuaminika kwamba amechoka, na hailaumu historia wala yeye mwenyewe.

Jumba la Mtwana, lililo Mtwapa kaskazini ya Mombasa, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ni padogo, pana miti mikubwa ya kivuli, na msikiti wake mmoja uko ufukweni kabisa. Mgeni asianze na kibla. Aanze na birika la kutawadhia, atazame lilipo, ajiulize maji yalitoka kisima gani na yalifikaje hapo. Kila msikiti wa kale ulihitaji maji ya udhu mara tano kwa siku, na kwa hiyo kila gofu la msikiti ni ramani ya maji kwa mtu anayejua kutazama chini. Hapo panatosha kwa saa moja, kabla ya kuendelea na safari hadi Watamu au Malindi kulala.

Gede inastahili asubuhi nzima, kwa kuwa hakuna gofu lingine katika safari hii linalojibu swali la maji kwa ukamilifu kama hili. Mji huu wa mawe, uliokaliwa tangu takriban karne ya 12 na kuachwa katika karne ya 17, ulianza kuchimbwa kitaalamu na James Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Haukujengwa ufukweni kama Mombasa, bali kilomita kadhaa ndani ya msitu, jambo ambalo linawashangaza wanaotarajia kuona bandari. Visima vyake ni vingi na virefu. Kando ya Msikiti Mkuu kuna kisima na birika lililojazwa kutoka humo kwa mfereji, na katika nyumba za matajiri kuna vyoo vya shimo vyenye mahali pa kujisafishia kwa maji, ushahidi kwamba maji yalitumiwa kwa ukarimu yalipokuwepo.

Hapa ndipo swali linapogeuka kuwa fumbo. Baadhi ya visima vya Gede viliongezwa kina baada ya kuchimbwa mara ya kwanza, dalili kwamba maji yalikuwa yakirudi chini. Wapo wanaoona kwamba hiyo ndiyo iliyowahamisha watu, na wapo wanaotaja vita vya miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 16 au mashambulizi kutoka bara. Sababu hizo hazipingani kwa lazima, kwa kuwa mji wenye kisima kinachokauka huwa mwepesi kuuacha vita vinapokuja. Msafiri atembee akiwa na fumbo hilo kichwani, achungulie kila kisima anachokipita, na atazame pia majina ya nyumba, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Sanduku la Pembe, yaliyotokana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake. Makumbusho madogo ya hapo yaachwe hadi mwisho, maana baada ya kuona chumba kilikotoka kitu, kitu chenyewe hakihitaji maelezo marefu.

Alasiri ya siku hiyo ni ya bahari au ya usingizi. Nguzo ya Vasco da Gama iliyoko Malindi inaweza kutazamwa jioni kama sehemu ya matembezi ya ufukweni, lakini haina uhusiano na swali, na anayeiacha asione haya.

Lamu: mji unaokaliwa

Siku ya kwenda Lamu isipangiwe kitu kingine. Anayepita barabarani hupitia Garsen hadi Mokowe, ambako gari huachwa na mashua ikachukuliwa, na njiani kuna vizuizi vya usalama vinavyohitaji kitambulisho. Anayekwenda kwa ndege hutua Manda na kuvuka kwa mashua. Kitambulisho kinafaa pia langoni mwa makumbusho, kwa kuwa viingilio hutofautiana kati ya raia, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wengine.

Lamu, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni tofauti na vituo vilivyotangulia kwa kuwa watu bado wanaishi ndani ya historia yake. Ngome yake ilikamilika katika miaka ya mwanzo ya 1820, baada ya vita vya Shela, na iko uwanjani katikati ya mji, ambako mtu anaweza kukaa kivulini na kutazama watu wakipita bila kuingia ndani kabisa. Kati ya majengo yote yaliyo wazi kwa wageni, lisilofaa kuachwa ni Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili, ambayo ni nyumba ya mawe ya karne ya 18 iliyorudishiwa vyombo vyake.

Katika nyumba hiyo swali la maji linapata jibu lake la ustadi zaidi. Ndani ya nyumba za aina hii palikuwa na birika la kuogea, na chini ya birika lilijengewa bakuli la kauri. Ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na maji yalipotekwa yakaisha, bakuli lilibaki na maji ya kutosha kuwaweka samaki hai hadi birika lijazwe tena. Msafiri aliyepita kabati za kauri kule Mombasa bila kuelewa zilikuwa za nini, hapa analiona bakuli likiwa kazini. Kisha ainue macho atazame vidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwa safu katika ukuta wa ndani, ambamo vyombo vya fahari viliwekwa, na ataona kwamba vyombo vya aina moja vilikuwa na maisha mawili, ya kutazamwa ukutani na ya kufanya kazi birikani.

Jibu la mwisho liko nje ya nyumba zote. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hupokea mvua, huichuja na kuihifadhi. Kwa sababu hiyo ujenzi juu ya vilima hivyo ni suala zito kwa wenyeji hadi leo. Kutembea kutoka Lamu hadi Shela kando ya maji ni mwendo wa chini ya saa moja. Hakuna kioo wala kibao huko, nako ndiko kwenye kisima kikuu cha hadithi nzima.

Ratiba kwenye karatasi

Mpangilio uliokwisha kuelezwa, ukiandikwa kwa ufupi, ni huu:

- Siku ya kwanza: Mombasa, Mji wa Kale na bandari ya zamani, alasiri pekee.
- Siku ya pili: Ngome ya Yesu asubuhi, kuta kwanza na maonyesho mwisho, alasiri mapumziko.
- Siku ya tatu: Jumba la Mtwana, kisha safari hadi Watamu au Malindi.
- Siku ya nne: Gede asubuhi, alasiri bahari.
- Siku ya tano: safari ya Lamu, bila ziara.
- Siku ya sita: Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili asubuhi, mitaa jioni.
- Siku ya saba: Shela, na Takwa ikiwa maji yanaruhusu.

Katika siku zote saba, hakuna siku yenye makumbusho mawili ya ndani. Msafiri mwenye wazee au watoto anaweza kuondoa Jumba la Mtwana, asiiondoe Shela. Miezi ya Aprili na Mei, wakati wa masika, njia za Gede hutopea na bahari huchafuka, kwa hiyo haifai sana kwa safari hii. Ijumaa mchana isipangiwe ziara ya msikiti unaosaliwa, na katika siku nyingine yoyote ruhusa iombwe kwanza kwa watu wa msikiti.

Takwa inahitaji maelezo ya ziada. Ni gofu la mji ulio upande wa pili wa kisiwa cha Manda, ulioachwa karne ya 17, na kuingia kwa chumvi visimani ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Wengi wa waliohama wanasemekana kuvuka hadi Shela, na watu wa Shela bado huenda Takwa, kwenye kaburi la nguzo, kuomba mvua. Mashua hufika huko kwa kupita mkondo ulio katikati ya mikoko, ambao hupitika maji yakijaa tu, kwa hiyo saa ya kuondoka huamuliwa na nahodha wala si na mgeni. Makubaliano yafanywe jioni ya siku iliyotangulia, na nahodha aulizwe waziwazi ni saa ngapi maji yataanza kupwa, kwa kuwa atakayechelewa gofuni ataisubiri bahari ijae tena ndipo arudi Lamu, na achukue maji yake ya kunywa, maana Takwa hakuna.